Nani Huyo Anayesema "Sisi"?

Mteja aliyepeleka malalamiko kwenye kampuni kubwa aghalabu hupata jawabu la namna hii: "Tumepokea malalamiko yako, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, tunalifanyia kazi suala lako, na tutawasiliana nawe hivi karibuni." Waraka huo una adabu na hauna kosa la sarufi, walakini msomaji akiumaliza huwa hajamjua hata mtu mmoja. Aliyepokea ni karani wa zamu, anayesikitika hayupo, anayelifanyia kazi suala bado hajateuliwa, na atakayewasiliana ni yeyote atakayekuwa karibu na simu siku hiyo. Zaidi ya hayo, usumbufu wenyewe, ambao ndio uliomtia mteja uchungu, umeandikwa kuwa "ulijitokeza", kana kwamba ulizuka wenyewe bila ya mkono wa mtu.

Siikatazi "sisi" hiyo, wala sidhani kwamba waandishi wake huwa na nia mbaya. Karani hufundishwa tangu siku ya kwanza ya kazi kwamba anaponyanyua kalamu si yeye anayesema bali ni kampuni. Na katika malezi yetu mtu anayeanza kila sentensi kwa "mimi" huhesabiwa kuwa mwenye majivuno. Ipo na sababu ya kisheria: katika sheria za mikataba zilizoachwa na Waingereza, ambazo Tanzania na Kenya zimezirithi, mtu anayetia sahihi ahadi kwa jina lake tupu, bila ya kubainisha kwamba anatenda kwa niaba ya mwingine, aweza kudaiwa ahadi hiyo yeye mwenyewe. Kwa hiyo panapohusika fedha, dhamana na masharti ya mauzo, "sisi", au afadhali jina la kampuni lenyewe, ndilo tamko la haki, kwa kuwa karani aweza kuacha kazi kesho ilhali deni lazima libaki palepale.

Shida huanza pale "sisi" inapotoka katika deni la kampuni na kuingia katika mambo ambayo kampuni haiwezi kuyatenda: kusoma, kusikitika, kukumbuka, kupiga simu. Hayo hutendwa na mtu mmoja. Mwaka 2018 wataalamu watatu wa vyuo vikuu vya Kanada, Grant Packard, Sarah Moore na Brent McFerran, walitoa utafiti juu ya jambo hili hili. Waliwapa watu majibu ya huduma kwa wateja yaliyofanana kwa kila neno, isipokuwa katika mengine mhudumu alisema "mimi" na katika mengine "sisi". Wakaona kwamba waliojibiwa kwa "mimi" waliridhika zaidi na walikuwa tayari zaidi kununua tena. Walipochungua barua-pepe halisi za duka moja kubwa la mtandaoni na manunuzi yaliyofuata, waliona mwelekeo uleule. Sababu waliyoieleza ni kwamba "mimi" humwonyesha mteja kwamba yupo mtu anayehisi shida yake na anayetenda kwa ajili yake. La ajabu ni kwamba wenye kazi yenyewe, mameneja na wahudumu, walikuwa wakiamini kinyume chake, kwamba "sisi" ndiyo inayompendeza mteja.

Lakini haifai kutwaa waraka wa zamani na kubadilisha kila "tu" kuwa "ni". Tuchukue mfano wa kubuni, wa mama mmoja wa Tanga aliyeletewa friji ambayo mpira wa mlango wake umechanika, akapiga simu mara mbili asijibiwe, kisha akaandika barua na kuambatisha picha. Jawabu lake lingeweza kuwa hivi: "Mama, nimesoma barua yako na nimeziona picha za mpira uliochanika. Ulitupigia simu mara mbili nasi hatukukujibu; kosa hilo ni letu. Leo asubuhi nimemwagiza fundi, naye atafika kwako Alhamisi kabla ya saa sita mchana akiwa na mpira mpya. Gharama zote ni juu ya kampuni, kwa mujibu wa dhamana ya mwaka mmoja uliyopewa siku uliponunua. Alhamisi jioni nitakupigia mwenyewe kuuliza kama mlango unafunga." Chini yake jina kamili, cheo, na namba ya simu inayopokewa.

Mwandishi wa barua hii amejiuliza, penye kila kitenzi, "nani?", akafuata jawabu alilolipata. Aliyesoma na kutazama picha ni yeye, basi ni "nimesoma" na "nimeziona". Simu hazikupokewa na wenzake wa zamu nyingine, naye hakuwapo. Angesema "nimekosa" angekuwa anasema uongo wa adabu, na mama yule angeuhisi, basi kosa ni "letu". Gharama ni deni la kampuni, kwa hiyo kampuni imetajwa. Neno "tunasikitika" halimo kabisa, nami naona halikosekani, maana fundi wa Alhamisi amelifanyia kazi yake. Sentensi iliyo ghali kuliko zote ni ile ya mwisho: simu ya Alhamisi isipopigwa, barua hii itakuwa mbaya kuliko ule waraka wa "tumepokea malalamiko yako", kwani sasa mama anamjua kwa jina mtu aliyevunja ahadi.

Wala si kila "mimi" ina utu. Mwaka 2010 ulituonyesha mifano miwili iliyopishana kwa miezi michache tu. Mwezi Februari, Akio Toyoda, mjukuu wa mwasisi wa kampuni ya Toyota, alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani wakati mamilioni ya magari yalipokuwa yakirudishwa kwa hitilafu, akaomba radhi kwa nafsi yake, akasema kwamba magari yote yale yanabeba jina lake. Mwezi Mei, Tony Hayward, mkuu wa kampuni ya mafuta ya BP, ambayo kisima chake katika Ghuba ya Meksiko kilikuwa kikimwaga mafuta baharini baada ya mlipuko uliowaua watu 11, aliwaambia waandishi wa habari kwamba naye anataka maisha yake yarudi. Wote wawili walisema "mimi". Wa kwanza aliitumia kuupokea mzigo. Wa pili alijitaja kuwa miongoni mwa walioumia, ilhali jamaa wa maiti 11 walikuwa katika msiba. Ilimpasa baadaye kuomba radhi kwa tamko hilo, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameuacha ukuu wa kampuni.

Imezuka pia desturi ya kutia chini ya barua jina la mtu asiyekuwapo, au jina moja linalotumiwa na makarani wa zamu zote. Hila hiyo haidumu. Mteja hupiga simu akamwulizia mtu huyo, akaambiwa hayupo. Akipiga tena, anaambiwa hajulikani. Baya karibu na hilo ni jina la kweli lisilo na mamlaka: karani anaandika "nitahakikisha", ilhali hana ruhusa ya kumtuma fundi wala kurudisha shilingi moja bila ya sahihi za wakubwa wawili, naye akiulizwa hana la kujibu.

Basi enyi mameneja, kabla hamjamwamuru karani aandike "mimi", mpeni kwanza ruhusa ya kumtuma fundi. Na kama hamwezi kumpa hiyo, mwacheni aendelee kuandika "sisi", kwa kuwa hapo "sisi" ndiyo kweli.