Rufaa ya Mtunza Stoo

Tuseme mtunza stoo wa kampuni ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam ameachishwa kazi kwa wizi wa mifuko 60 ya saruji. Kikao cha nidhamu kimekaa chini ya meneja wa mauzo, ushahidi umesikilizwa, barua imetoka. Yeye anasema hakuiba, na anataka kukata rufaa.

Kwa Tanzania, njia imeelezwa katika kanuni za utendaji bora zilizotangazwa mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Mfanyakazi ana siku 5 za kazi kujaza fomu ya rufaa na kuikabidhi kwa mwenyekiti wa kikao, naye huipeleka kwa kiongozi wa ngazi ya juu zaidi pamoja na taarifa yake. Ugumu unaanza pale kampuni inapoulizana nani aisikilize.

Jina la kwanza kutajwa huwa la meneja mkuu. Cheo kinatosha, lakini katika kisa chetu ndiye aliyesaini barua ya kumsimamisha kazi mtunza stoo, na ndiye aliyepigiwa simu siku mali ilipoonekana kupungua. Afisa rasilimali watu naye aliandaa mashtaka. Kumpa rufaa mmoja wao ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Wala asipewe mtu aliye chini ya meneja wa mauzo, maana atatengua vipi uamuzi wa bosi wake? Kampuni ikiwa na tawi Morogoro ambalo meneja wake ni mkubwa kwa cheo kuliko wa mauzo na hakuguswa na jambo hili, huyo anafaa. Kampuni ndogo isiyo na mtu wa namna hiyo inaweza kumwomba mjumbe wa bodi, au mtu wa nje anayeijua kazi hiyo. Kabla ya kikao, mtunza stoo aambiwe jina la msikilizaji na aulizwe kama ana pingamizi. Jibu lake liandikwe.

Tuseme amepatikana meneja wa Morogoro. Kosa analoweza kufanya mapema ni kuanza na taarifa ya mwenyekiti. Ukishasoma hitimisho la mwenzako, kila karatasi inayofuata utaisoma kwa macho yake. Aanze na vielelezo vyenyewe, yaani kadi za stoo, daftari la mahudhurio, hati za kutolea mzigo getini.

Kikao cha kwanza kilikuwa na fotokopi ya hati moja ya geti, ya Jumamosi, yenye saini ya mtunza stoo. Meneja wa Morogoro anaagiza kitabu chenyewe. Anakuta namba ya hati hiyo iko mbele kabisa ya hati zilizotumika wiki ile, kana kwamba mtu aliruka kurasa na kuchomoa moja katikati. Daftari la mahudhurio linaonyesha mtunza stoo alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Kisha anamwita mlinzi tena. Muhtasari ulisema mlinzi “alimwona akisaini”. Mlinzi mwenyewe, mtunza stoo akiwa mbele yake na akiruhusiwa kumhoji, anasema aliona karatasi yenye saini mikononi mwa dereva. Tofauti hiyo ingebaki imefichika kama msikilizaji angetosheka na muhtasari.

Mzigo wa kuthibitisha bado uko kwa mwajiri. Hatakiwi kuondoa kila shaka kama katika kesi ya jinai. Inatosha kuonyesha kwamba lililodaiwa lina uwezekano mkubwa kuliko kutokuwepo. Hapa ameshindwa hata hilo.

Ila limeibuka jambo lingine. Mtunza stoo amekiri kwamba Ijumaa alimwachia karani funguo bila kuandikiana. Wasikilizaji wengi hunasa hapo na kusema: basi, tumfukuze kwa uzembe. Haifai. Hakushtakiwa kwa uzembe, hakupewa nafasi ya kujitetea juu yake. Kampuni ikitaka, ifungue shtaka jipya na kumpa muda wa kujiandaa, usiopungua saa 48. Rufaa yenyewe inamrudisha kazini na mshahara wake wa siku alizokaa nje.

Na kama angeshindwa? Barua ya matokeo ilipaswa kueleza kila hoja yake ilijibiwaje, na iwe na tarehe. Tarehe hiyo ina uzito, kwa sababu siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi huhesabiwa tangu kuachishwa kazi, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuthibitisha hatua hiyo. Akichelewa itabidi aombe kwanza kibali na kueleza sababu. Kwa hiyo atunze barua, na bahasha iliyoileta, na asaini kupokea kwa tarehe ya kweli hata kama mtu wa ofisini anamsihi aandike ya juzi.