Pumzi ya mtoto hukatika alfajiri: Jinsi ya kusoma majibu ya kipimo cha usingizi

Baridi ya Mlima Meru inaposhuka usiku, ni rahisi mzazi kusema mtoto anakoroma kwa sababu ya mafua. Mara nyingi ni kweli. Lakini mtoto anayekoroma karibu kila usiku, analala mdomo wazi na kichwa amekirudisha nyuma, huenda njia yake ya hewa inazibwa na mafindofindo au nyama za puani.

Daktari wa masikio, pua na koo akitaka uhakika anaweza kuagiza kipimo cha usingizi. Mtoto hulala usiku mzima akiwa amebandikwa nyaya kichwani, mirija midogo puani, mkanda mmoja kifuani na mwingine tumboni, na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Asubuhi hutoka kurasa za michoro. Miwili kati ya hiyo hata mzazi anaweza kuifuata.

Ngazi za usingizi

Mchoro wa kwanza unafanana na ngazi. Kutoka kushoto kwenda kulia ni saa za usiku. Kutoka juu kwenda chini ni hatua za usingizi, zilizoandikwa kwa herufi: W ni kuwa macho, R ni usingizi wa ndoto, N1 ni kusinzia, N2 ni usingizi wa kawaida, na N3 ni usingizi mzito. Fundi hugawa usiku katika vipande vya sekunde 30, kisha kila kipande hukipa herufi moja kwa kuangalia mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho na misuli ya kidevu.

Mtoto mwenye afya hushuka haraka hadi N3 na kukaa huko sehemu kubwa ya saa za mwanzo. R huja kwa vipindi vifupi, kisha vipindi hivyo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Kumbuka jambo hilo, maana ndipo tatizo lilipojificha. Katika usingizi wa ndoto misuli ya mwili hulegea, ikiwamo ile inayoshikilia koo libaki wazi. Koo ambalo tayari limebanwa na mafindofindo hujifunga wakati huo.

Mstari wa pumzi

Mchoro wa pili unaonyesha hewa inayopita puani na mdomoni. Kila pumzi ni kilima kimoja. Chini yake ipo mistari ya kifua, tumbo na oksijeni, ambayo kwenye skrini huandikwa SpO2.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka mitano anayepumua mara 20 kwa dakika, yaani pumzi moja kila sekunde tatu. Saa 10:12 alfajiri, ngazi yake ikiwa kwenye R, vilima vya hewa vinalala bapa kwa sekunde tisa. Hizo ni pumzi tatu zilizokosekana. Kwa mtu mzima tukio huhesabiwa likifika sekunde 10, lakini kwa mtoto muda wa pumzi mbili unatosha.

Sasa shuka kwenye mistari ya kifua na tumbo. Bado inatikisika, tena kwa kupishana: tumbo likipanda, kifua kinashuka. Maana yake mtoto anavuta hewa kwa nguvu lakini mlango umefungwa. Hii ndiyo alama ya pumzi iliyozibwa. Sekunde chache baadaye SpO2 inashuka kutoka 95 hadi 88. Inachelewa kwa sababu damu huchukua muda kutoka mapafuni hadi kidoleni. Kisha mtoto anakoroma kwa kishindo, na vilima vinarudi.

Kama mistari ya kifua na tumbo nayo ingelala bapa, maana ingekuwa nyingine: ubongo haukutuma amri ya kupumua. Hali hiyo huwapata hata watu wazima wenye afya wanaopanda Meru na kulala kwenye vibanda vya Saddle, karibu mita 3,570, ambako hewa ni nyepesi. Koo lao halijaziba. Wala makazi ya Arusha, yaliyo kwenye mita 1,400 hivi, hayatoshi kueleza anguko kama la mtoto wetu. Mwinuko huo unaweza kushusha kidogo kiwango cha oksijeni cha usiku mzima, kwa hiyo msomaji wa kipimo huangalia imeshuka kiasi gani kutoka kiwango cha mtoto mwenyewe.

Si kila mstari bapa ni ugonjwa

Mirija ya puani ikichomoka, mstari wa hewa hulala bapa vilevile. Utajuaje? Kifua na tumbo huendelea kupanda pamoja kwa utulivu, na oksijeni haishuki. Mtoto mwenye nyama za puani pia hupumulia mdomoni, hivyo mirija ya puani haioni kitu. Ndiyo maana huwekwa kifaa cha pili kinachonasa joto la pumzi ya pua na mdomo. Tukio la pumzi kukatika huthibitishwa kwa kusoma mistari hii yote kwa pamoja.

Namba moja inaweza kuficha

Mwisho wa ripoti kuna namba iitwayo AHI: mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au kupungua sana. Kwa mtu mzima, chini ya 5 huchukuliwa kuwa kawaida. Kwa mtoto, zaidi ya 1 si kawaida, na kuzidi 10 ni hali kali.

Mtoto wa mfano wetu alilala saa 8 na kupata matukio 24, yaani 3 kwa saa. Inaonekana hali nyepesi. Sasa weka matukio hayo juu ya ngazi. Kati ya hayo, 18 yako ndani ya R, ambayo kwa usiku mzima ilikuwa saa moja na nusu tu. Hiyo ni 12 kwa saa. Saa sita na nusu zilizobaki zilikuwa na matukio 6, chini ya moja kwa saa.

Kama mtoto huyu angeamka saa 8:30 usiku na kipimo kikakatishwa, baada ya saa 5 za usingizi na matukio 4, AHI ingesomeka 0.8. Angeambiwa hana tatizo.

Tena, ngazi ya mtoto inaweza kuonekana nzuri kabisa. Mtu mzima mwenye tatizo hili hushtuka mara kwa mara, na ngazi yake hukatikakatika kama meno ya msumeno. Watoto wengi hawashtuki kiasi hicho, kwa hiyo maneno "amelala fofofo" hayaondoi tatizo.

Ukipokea majibu, muulize daktari mambo mawili: mtoto alipata dakika ngapi za R, na AHI ndani ya R ilikuwa ngapi? Kama R ilikuwa chache mno, jibu la "kawaida" halijakamilika.

Na kabla ya kipimo, video ya simu humsaidia daktari, iwe uko Mount Meru au umepewa rufaa KCMC, Moshi. Usirekodi saa tatu usiku, mtoto anapoingia usingizi mzito. Amka saa kumi alfajiri, mfunue kifua na tumbo, rekodi dakika kadhaa ukiacha sauti isikike. Angalia kama kifua kinahangaika wakati sauti ya pumzi imenyamaza. Pumzi ikikatika huku midomo ikigeuka bluu, mpeleke hospitali usiku huohuo.