Pesa ya Chama: Iingie kwa Njia Moja, Itoke kwa Sahihi Mbili

Katika vyama vingi vya mzunguko, kila mtu hutuma mchango kwa simu ya mweka hazina, halafu yeye anamlipa aliyefikiwa na zamu. Hata kama mweka hazina ni mwaminifu kabisa, pesa ikiingia kwenye laini yake inahesabiwa kuwa yake. Akiwa na deni la Fuliza, michango yenu itakatwa kulipa deni hilo kwanza. Na akiaga dunia, salio linakuwa sehemu ya mali yake, na familia italazimika kufuata taratibu za urithi kabla hamjaona shilingi.

Ndiyo maana tunashauri akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Kama uko Kitui au Makueni, hivi ndivyo mnavyoweza kuipanga.

Andikisheni kikundi kwanza

Benki nyingi hazifungui akaunti ya kikundi bila cheti. Nendeni ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kaunti ndogo yenu na katiba, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano ulioamua kuandikisha kikundi. Sheria ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10. Mkishapata cheti, fanyeni mkutano mwingine na muandike uamuzi wa kufungua akaunti: benki gani, tawi gani, na nani watatia sahihi. Benki itataka kuona kumbukumbu hizo pamoja na vitambulisho vya watia sahihi. Ulizeni mapema karatasi nyingine wanazotaka, msirudishwe nyumbani.

Wanaotia sahihi

Chagueni watu watatu wasiotoka nyumba moja, na mwambie benki kwamba pesa itoke kwa sahihi mbili kati ya hizo tatu. Mmoja akisafiri au akiugua, kazi haisimami.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni nauli. Kutoka Mutomo hadi Kitui mjini si karibu, kwa hivyo mmoja anaamua kutia sahihi fomu tano za kutoa pesa zikiwa tupu, amwachie mwenzake. Siku hiyo mmerudi kwa sahihi moja. Afadhali mchague watu wanaofika mjini mara kwa mara, mfano wanaouza sokoni.

Mtego wa pili ni simu. Akaunti inaweza kudai sahihi mbili kaunta, lakini ikiwa imeunganishwa na laini ya mtu mmoja, huyo anatoa pesa peke yake akiwa nyumbani. Kataeni kadi ya ATM, na muulize benki kama huduma yao ya simu inaweza kudai idhini ya watu wawili. Kama haiwezi, laini zipokee ujumbe wa taarifa tu.

Mfano wa mzunguko

Tuseme mko 12 na kila mmoja anachanga KSh 1,000 kila wiki mbili. Jumla ni KSh 12,000. Mwenye zamu anapata KSh 10,000, na KSh 2,000 zinabaki za dharura.

Kila mwanachama atume mwenyewe: Lipa na M-PESA, kisha Pay Bill, kisha namba ya benki yenu. Ya Equity ni 247247, ya KCB ni 522522. Kwenye sehemu ya akaunti, weka namba ya akaunti ya chama. Mara ya kwanza jaribu na KSh 50, usubiri mweka hazina athibitishe kwamba imeingia. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaweza kuingia kwa akaunti ya mtu mwingine. Likitokea hilo, pigia benki siku hiyo hiyo ukiwa na kodi ya muamala iliyo kwenye ujumbe wako.

Baada ya zamu tatu, akaunti inafaa kuwa na KSh 6,000, ukitoa ada za benki. Mkikuta KSh 5,000, msianze kulaumiana. Chukueni taarifa ya akaunti na mlinganishe kila mstari na kodi ambazo wanachama wanazo kwenye simu. Jina lisilo na mstari ndilo la kufuatilia. Kama michango yote 36 ipo, angalieni upande wa pesa zilizotoka.

Mwenye zamu naye alipwe moja kwa moja kutoka benki hadi kwa akaunti yake au simu yake, isipitie mkononi mwa kiongozi.

Benki haiwezi kila kitu

Benki haijui zamu ni ya nani. Inaangalia sahihi tu, na watu wawili wakielewana vibaya, watatoa pesa. Kwa hivyo ujumbe wa taarifa ufike pia kwa yule mtia sahihi wa tatu, na taarifa ya akaunti isomwe kwa sauti kila mkutano, salio liandikwe kwenye kumbukumbu. Kiongozi akiondoka, pelekeni benki kumbukumbu za kumbadilisha wiki hiyo hiyo, kwa sababu kabla ya hapo sahihi yake bado inafanya kazi.