Tarehe mpya ndani ya barua ya radhi

Mteja ameagiza kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita, amelipa nusu ya bei, na ameahidiwa kukipata tarehe 14 Juni. Tarehe imepita. Wiki ya kwanza duka la samani linamwambia kwa simu aje kesho kutwa. Wiki ya pili simu haipokelewi. Siku ya kumi na nane ndipo mwenye duka anakaa kumwandikia barua ya kuomba radhi.

Wengi huianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Kisha zinafuata habari za mbao, umeme na fundi aliyefiwa, na mwishoni kabisa radhi kwa "usumbufu wowote uliojitokeza". Mteja anasoma aya mbili za shida za muuzaji kabla ya kuikuta shida yake mwenyewe, nayo haikutajwa. Adabu yote ya barua hiyo imebaki kwenye salamu.

Mwenye duka huyu angeandika hivi, akitanguliza jina la mteja:

"Tulikuahidi kitanda chako tarehe 14 Juni. Leo ni tarehe 2 Julai na bado hujakipata. Tunakuomba radhi kwa kukuchelewesha, na kwa siku ulizopiga simu bila kujibiwa. Mbao tulizonunua zilikuwa mbichi, nasi tulipaswa kukueleza siku ile ile tulipogundua. Sasa zimekauka na fundi ameanza kuunganisha. Tutakuletea kitanda nyumbani Jumamosi, tarehe 12 Julai, kabla ya saa kumi jioni, bila kukutoza usafiri. Kama huwezi kusubiri zaidi, tuarifu, nasi tutakurudishia fedha zako zote ndani ya siku tatu."

Radhi imetangulia, na imetaja makosa mawili: kuchelewa na kunyamaza. Kosa la pili ndilo huwaudhi wateja zaidi. Mtu anaweza kuvumilia mbao mbichi, lakini kupuuzwa na aliyepokea fedha zake ni jambo jingine. Sababu nayo imepewa sentensi moja tu, na inatosha, kwa kuwa ni ya kweli. Ubao mbichi ukiundwa kitanda husinyaa kadiri unavyokauka. Viungo hulegea, na pengine ubao hupasuka. Fundi makini hupima uzito wa kipande kimoja kila baada ya siku chache, na uzito ukiacha kushuka anajua kuwa mbao zimetulia. Hapo ndipo anaweza kumpa mwenye duka tarehe isiyo ya kubahatisha.

Tarehe hiyo ndiyo moyo wa barua, na muuzaji asiiandike kabla hajakubaliana na fundi. Radhi ya pili kwa kitanda kile kile haina thamani ya ile ya kwanza.

Kuna kesi ya Uingereza inayoonyesha uzito wake. Mteja aitwaye Oppenheim aliagiza bodi ya gari aina ya Rolls-Royce kutoka kwa kampuni ya Charles Rickards, ikamilike kabla ya tarehe 20 Machi 1948. Haikukamilika. Akaendelea kuisubiri huku akihimiza, hadi mwishoni mwa Juni alipoiarifu kampuni kwamba gari lisipokuwa tayari kufikia tarehe 25 Julai, hatalipokea. Lilikamilika Oktoba, akalikataa. Kampuni ilishikilia kwamba kwa kusubiri muda wote huo, alikuwa ameiacha haki yake ya tarehe. Mwaka 1950 Mahakama ya Rufaa, akiwemo Jaji Denning, ilimpa ushindi mteja: alikuwa ameisamehe tarehe ya kwanza, lakini taarifa yake, yenye muda wa kutosha, iliirudishia tarehe uzito wake.

Sheria za uuzaji wa bidhaa za Tanzania na Kenya zimetokana na ile ya Uingereza ya mwaka 1893. Kama muda ni sharti kuu la mauzo au la, hutegemea makubaliano ya pande mbili. Ndiyo maana kitanda cha harusi si sawa na kitanda cha chumba cha wageni: kama mteja alisema tangu mwanzo kwamba harusi ni tarehe 20 Juni, barua ya tarehe 2 Julai haiwezi kumpangia siku nyingine kana kwamba bado anakihitaji. Muuzaji huyo aombe radhi, atangulize habari ya kurudisha fedha, na kitanda akitaje baadaye, kama hiari ya mteja.

Barua isainiwe na mwenye duka mwenyewe, wala asimwachie karani aliyeacha kupokea simu. Na mteja anayeipokea aitunze pamoja na risiti yake ya malipo: humo mna tarehe mpya na ahadi ya kurudishiwa fedha, vyote kwa maandishi.