Namba Moja, Mashine Moja

Mwanafunzi anayeanza mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha TEHAMA mara nyingi hukabidhiwa orodha ya vifaa na kuambiwa apite ofisi kwa ofisi. Kuhesabu kompyuta hakuna shida. Shida ni namba ya siriali, ile ambayo kiwanda kimeipa mashine hiyo peke yake. Stika ya ofisi inaweza kubanduka au kuhamishiwa mashine nyingine, na modeli mnaweza kuwa nazo ishirini zinazofanana.

Kwenye laptopu, namba hiyo huwa kwenye lebo iliyo chini. Dell huiita Service Tag, nayo ina herufi na tarakimu saba. Lebo ikiwa imefutika kwa joto na jasho la mapaja, iulize mashine yenyewe kupitia PowerShell:

```
(Get-CimInstance Win32_BIOS).SerialNumber
```

Jibu linatoka kwenye kumbukumbu ya ubao mama. Kwa hiyo fundi akibadilisha ubao bila kuiandika upya namba ya zamani, lebo itasema hivi na skrini vile. Kompyuta za kuunganishwa mtaani nazo huweza kujibu "To be filled by O.E.M.", yaani hakuna aliyewahi kuijaza. Hapo usichague unayoipenda. Andika namba ya lebo kwenye safu yake, na ya skrini kwenye safu ya maelezo. Monita ipewe mstari wake, maana watu wakihama meza huhama nayo.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye Excel. Chukua namba 48312E6. Excel huiona hiyo E katikati ya tarakimu ikadhani ni hesabu ya kisayansi, ikaonyesha 4.83E+10. Namba inayoanza na sifuri nayo hupoteza sifuri zake. Ukishaona hivyo, kubadilisha muundo wa seli hakurudishi ulichoandika. Itabidi uiandike upya. Dawa ni kuiweka safu nzima katika muundo wa Text kabla hujaandika namba ya kwanza.

Kazi yenyewe hasa huja mwishoni, unapolinganisha orodha mpya na ya mwaka jana. Tuseme orodha ya zamani ina mashine ya uhasibu yenye namba 7B2K9X1, nawe hukuiona. Lakini umekuta 782K9X1 ambayo haimo. Modeli ni ile ile na chumba ni kile kile. Huenda hakuna iliyoibiwa wala iliyoongezeka: mtu alisoma 8 akaandika B, au wewe ndiye uliyekosea. Kabla ya kuandika "haijaonekana" mbele ya jina la mfanyakazi aliyeisainia, rudi chumbani, ipindue mashine, piga picha ya lebo, kisha uikuze kwenye simu na kuisoma herufi moja moja.