Dublin au Liverpool? Tazama Pipa la Taka

Nyumba ndefu za matofali mekundu zimeungana ukuta kwa ukuta, milango imepakwa rangi zinazong'aa, magari yanapita kushoto na vibao vya maduka ni vya Kiingereza. Mchezaji wa GeoGuessr, mchezo wa mtandaoni ulioanzishwa mwaka 2013 na Msweden Anton Wallén, huonyeshwa picha kama hii kisha atakiwe kutaja mahali ilipopigwa. Majengo hayatamwokoa. Dublin na Liverpool zilijengwa kwa mtindo mmoja enzi Ayalandi yote ilipokuwa chini ya taji la Uingereza.

Mjuzi basi hushusha macho na kutafuta vitu vilivyowekwa na serikali au halmashauri. Nguzo fupi nyeusi za chuma kando ya njia ya miguu hazisaidii, maana miji yote miwili inazo. Sanduku la barua linasema zaidi: jekundu Liverpool, la kijani Dublin. Ayalandi ilipojitawala mwaka 1922 haikuyang'oa masanduku ya Waingereza, iliyapaka rangi tu. Ndiyo maana hadi leo mtu anaweza kukuta herufi za Malkia Viktoria zikiwa zimejitokeza chini ya rangi ya kijani.

Hata hivyo rangi ya sanduku inaweza kupotosha. Waingereza wenyewe walitumia kijani kabla ya kuhamia nyekundu mwaka 1874, na baadhi ya masanduku ya kijani yangali yanaonekana kwao kama kumbukumbu. Ushahidi mzito zaidi ni alama za barabarani, kwa kuwa zinafuata sheria ya nchi nzima. Onyo la hatari Uingereza ni pembetatu nyeupe yenye ukingo mwekundu. Ayalandi ni kibao cha njano cha pembe nne, kilichosimamishwa kwa pembe moja. Chini ya tarakimu za ukomo wa mwendo, Ayalandi huandika "km/h", kwani ilihama kutoka maili Januari 2005. Uingereza huacha tarakimu peke yake. Jina la mtaa Dublin huandikwa kwa Kiayalandi juu na Kiingereza chini.

Na pipa? Liverpool takataka za nyumbani hutiwa kwenye mapipa ya zambarau. Wenyeji husimulia kwamba rangi hiyo ilipatikana kwa kuchanganya nyekundu ya Liverpool na buluu ya Everton, ili shabiki yeyote asinung'unike. Mapipa kama hayo yakipangwa mbele ya nyumba hizo za matofali, mchezaji ana sababu nzuri ya kuiacha Dublin.

Ugumu hasa uko Belfast, mji ulio kwenye kisiwa cha Ayalandi lakini chini ya Uingereza. Baadhi ya mitaa yake ina majina kwa lugha mbili, hivyo anayetegemea kibao hicho pekee hutua Dublin kimakosa. Dawa ni kutazama gari lililoegeshwa: bamba la nyuma likiwa la njano, hiyo ni namba ya Uingereza, kwani ya Ayalandi ni nyeupe mbele na nyuma. Hata programu ikiwa imezifunika tarakimu, rangi hubaki.