6.4 sio "sita nukta nne": jinsi ya kusoma namba kwenye boksi la rangi ya nywele

Mdogo wangu, binti wa mama mkubwa kule Migato, alinitumia picha saa nne usiku. Dada mmoja mwenye nywele za rangi ya shaba, zinang'aa kama sufuria mpya. Chini kaandika: "Dada, nataka hii kwenye send-off. Kesho naenda Bariadi kununua. Niseme namba ngapi? Ni kama rasta namba 30."

Nikamwambia asubiri kwanza, asinunue. Namba za rasta na namba za rangi ya boksi ni lugha mbili tofauti. Kwenye rasta, 1 ni nyeusi, 33 ni nyekundu iliyokolea, 30 imepauka kidogo, na 27 ni ya asali. Hizo ni namba za orodha tu, hazikuambii hesabu yoyote. Namba za boksi la rangi, kwa upande mwingine, zina sarufi yake. Ukiijua, boksi lenyewe linakuambia kitakachotokea kichwani.

Tuchukue 6.4. Kosa la kwanza ni kuisoma kama desimali, kwamba ni rangi iliyo katikati ya 6 na 7. Hapana. Nukta hapo inatenganisha vitu viwili, na kampuni nyingine zinaweka mkwaju (6/4) au kistari (6-4). Namba ya mbele ni kiwango, yaani nywele ni nyeusi au nyeupe kiasi gani. 1 ni nyeusi kabisa, 4 ni kahawia ya kati, 6 ni pale ambapo kahawia inaisha na blondi inaanza, 10 ni blondi iliyopauka sana. Namba ya nyuma ni toni, yaani rangi hiyo inaegemea wapi: majivu, dhahabu, shaba, nyekundu. Zikiwa namba mbili nyuma, kama 6.46, ya kwanza ndiyo yenye nguvu na ya pili inafuata kwa mbali.

Kiwango kinafanana karibu kampuni zote. Toni ndiyo inawachanganya watu. Kwa L'Oréal, 4 ya nyuma ni shaba. Kwa Wella, 4 ya nyuma ni nyekundu. Kwa hiyo usibebe namba kutoka boksi la kampuni moja ukaiombe kwa nyingine. Soma na jina la rangi lililoandikwa pembeni.

Sasa turudi kwenye picha. Picha inadanganya toni kirahisi sana: taa ya njano ya ukumbini inageuza kahawia kuwa shaba, na filta inamalizia kazi. Tafuta kitu cheupe ndani ya picha, kama shela au ukuta. Kama cheupe hicho kimekuwa cha njano, basi hata nywele zimeongezewa unjano ambao hazina.

Kiwango ni rahisi zaidi kukipima. Nilimwambia ajipige picha nje, kivulini, mchana, kisha aiweke yake na ile ya yule dada kwenye simu na kuzibadilisha zote mbili ziwe nyeusi na nyeupe. Rangi ikiondoka kinachobaki ni weusi peke yake. Usiangalie sehemu inayometa, angalia katikati ya fundo la nywele. Njia hii si kipimo cha maabara, kwa sababu picha moja inaweza kuwa imepigwa kwenye mwanga mkali kuliko nyingine, lakini tofauti kubwa haijifichi. Nywele zake zilikuwa kijivu cheusi kama mkaa, kiwango cha 2 hivi, ambako wengi wetu tuko. Za picha zilikuwa kijivu cha kati, kama 6.

Kutoka 2 hadi 6 ni hatua nne, na hapo ndipo kuna kazi. Rangi ya kudumu inafanya mambo mawili kwa pamoja. Kichupa cha maji ya kuchanganyia kina haidrojeni peroksaidi, ambayo inavunja melanini, ile rangi ya asili iliyo ndani ya unywele. Wakati huohuo, chembe ndogo za rangi zinaingia, zinaungana humo ndani, zinakuwa kubwa na kushindwa kutoka. Peroksaidi ndiyo inayopandisha kiwango, na nguvu yake imeandikwa kwenye kichupa: 6% au 20 Vol inapandisha hatua moja hadi mbili, 9% au 30 Vol mbili hadi tatu. Maboksi mengi ya nyumbani yana 6% hivi. Kwa hiyo boksi la 6.4 kwenye nywele za kiwango cha 2 litamfikisha 3, labda 4. Atakaa na dawa kichwani, ataosha, na watu watamuuliza, "Si ulisema unapaka rangi?"

Kuna jambo la pili. Kama nywele zilishapakwa rangi nyeusi kabla, boksi jipya halitazipandisha. Rangi haiondoi rangi. Mizizi mipya itabadilika, ncha zitabaki nyeusi, na utatoka na kichwa cha rangi mbili.

"Si ntaweka blichi kwanza?" akauliza. Blichi inaweza kupandisha hatua nne, kweli. Ila yeye alikuwa ameweka dawa ya kulainisha nywele wiki iliyopita. Dawa ile tayari imeshavunja sehemu ya viungo vinavyoshikilia unywele. Ukiongeza blichi juu yake, unywele unakuwa laini kama mpira ukilowa, unavutika, halafu unakatika. Kwa hiyo blichi tuliiondoa kabisa, na hata rangi ya boksi tukakubaliana isiguse kichwa kabla ya wiki mbili kupita tangu dawa ile. Bahati nzuri send-off ilikuwa bado mwezi mmoja.

Tukashuka badala ya kupanda. Alichagua 4.6, kiwango ambacho peroksaidi ya boksi inaweza kukikaribia, na kwenye boksi lile 6 ya nyuma ilikuwa nyekundu. Nywele nyeusi zikipanda kidogo huonyesha wekundu wake wa asili, kwa hiyo toni nyekundu inasaidiwa badala ya kupigana nao. Kama angechagua majivu kwenye kiwango hicho, wekundu ungezimwa na asingeona mabadiliko.

Kabla ya kupaka kichwa kizima alijaribu mara mbili. Kwanza ngozi: tone la mchanganyiko nyuma ya sikio, kisha kusubiri saa 48. Rangi nyingi za kudumu zina p-Phenylenediamine (PPD), ambayo ipo pia kwenye piko nyingi. Kama piko iliwahi kukuwasha au kukutoa malengelenge, usipake kabisa. Pili nywele: alikata fundo dogo la kisogoni, akachota kijiko kidogo tu kutoka kila kichupa kwa uwiano wa kwenye karatasi, kwa sababu ukishachanganya vyote huwezi kutunza. Akaacha dakika zilizoandikwa, akaosha, akakausha, akatoka nalo juani.

Picha aliyonitumia safari hii ilikuwa ya lile fundo kwenye kiganja. Ndani ya nyumba ni kahawia iliyokolea, juani ni nyekundu ya damu ya mzee. "Sio kama ya yule dada," akaandika, "ila naipenda. Napaka Jumamosi."

Ile shaba ya kwenye picha, kama bado unaitaka, muulize msusi rasta namba 30.